Kwa nini mwenye soko peke yake hupata kidogo kutokana na ubunifu kuliko mgeni

Kila bei ya huduma fulani inapopanda bila huduma yenyewe kuboreka, swali lilelile huzuka katika vijiwe vya kahawa vya Arusha na Moshi: hawa wenye soko lote na fedha zote, kwa nini si wao wanaoleta kitu kipya? Majibu yanayotolewa huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba wakubwa wamelewa faida na wamekuwa wavivu, na wapo wanaoamini kwamba teknolojia mpya wanayo tayari lakini wameifungia kabatini ili waendelee kutunyonya. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yanaruka hatua muhimu, ambayo ni hesabu ya faida. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba hata mwenye soko aliye mchapakazi, mwenye fedha benki na asiye na hila yoyote, anaweza kuutazama ubunifu uleule ambao mgeni anaukimbilia, akaona kwamba kwake haulipi, na akawa sahihi kabisa.

Aliyeiweka hoja hii katika hesabu ni mchumi wa Marekani Kenneth Arrow, katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu uchumi wa uvumbuzi, miaka kumi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972. Wachumi waliomfuata waliipa jina ambalo hapa nitaliita athari ya mbadala. Kabla ya kwenda mbali, ni vyema tukubaliane maana za maneno machache. Ukiritimba ni hali ambamo huduma au bidhaa ina muuzaji mmoja tu katika eneo fulani, naye kwa sababu hiyo hujipangia bei kwa kuangalia wateja wake, si kwa kuangalia washindani. Mgeni ni yule anayetaka kuingia katika soko hilo bila kuwa na mauzo yoyote ndani yake. Ubunifu, katika makala hii, ni njia mpya inayopunguza gharama ya kumhudumia mteja mmoja. Athari ya mbadala ni ile hali ya mwenye ukiritimba kupata nyongeza ndogo kutokana na ubunifu kwa sababu faida mpya haiongezwi juu ya sifuri, bali inachukua nafasi ya faida aliyokuwa akiipata tayari.

Mashine moja ya kusaga, kijiji kimoja

Tuchukue kijiji cha kufikirika katika miteremko ya Kilimanjaro, Moshi Vijijini, chenye mashine moja tu ya kusaga mahindi inayotumia dizeli. Namba zote nitakazotumia ni za mfano, nimezichagua ili zigawanyike vizuri, lakini mwenendo wake ni ule unaotokea katika masoko halisi.

Bei ya kusaga debe moja ikifika shilingi 3,000, hakuna anayeleta mahindi, kwa sababu kwa bei hiyo ni afadhali kuyapakia kwenye daladala na kwenda kuyasagisha Moshi mjini. Bei ikishuka, wateja wanaanza kurudi: kila punguzo la shilingi 25 linaleta debe moja zaidi kwa siku. Kwa hiyo kwa bei ya 2,400 yanasagwa madebe 24, kwa bei ya 1,800 yanasagwa madebe 48, na kwa bei ya 1,200 yanasagwa madebe 72. Gharama ya kusaga debe moja kwa dizeli, tukijumlisha mafuta, ujira wa kijana wa mashine na vipuri, ni shilingi 1,800.

Mwenye mashine atatoza kiasi gani? Akitoza 2,500, anabaki na 700 kwa kila debe, lakini anapata madebe 20 tu, hivyo faida yake ni 14,000 kwa siku. Akishusha hadi 2,300, anapata madebe 28 yenye faida ya 500 kila moja, na jumla inarudi palepale, 14,000. Katikati, kwa bei ya 2,400, madebe 24 yanamwachia 600 kila moja, yaani 14,400. Hiyo ndiyo bei inayomfaa kuliko zote. Msomaji aishike namba hii ya 14,400, kwa sababu ndiyo chanzo cha kila kitakachofuata.

Sasa nguzo za umeme zinafika kijijini, na inawezekana kufunga mota ya umeme wa njia tatu ambayo itashusha gharama ya kusaga debe moja kutoka 1,800 hadi 1,200. Mwenye mashine akiifunga, huku akibaki peke yake, bei inayomfaa inashuka hadi 2,100. Kwa bei hiyo anasaga madebe 36, anabaki na 900 kwa kila debe, na faida yake ya siku inakuwa 32,400. Ukimuuliza mpita njia kwamba mota imemletea nini mwenye mashine, atajibu 32,400. Jibu hilo si sahihi, na kosa hilo ndilo linalozaa mkanganyiko wote. Kabla ya mota alikuwa akipata 14,400, kwa hiyo kilicholetwa na mota ni tofauti yake tu, shilingi 18,000 kwa siku.

Tumweke sasa mgeni, kijana wa kijiji hichohicho ambaye hajawahi kusaga hata debe moja. Yeye ndiye anayefunga mota, na mwenye dizeli anabaki na dizeli yake. Mgeni hawezi kutoza 2,100, kwa sababu mzee wa dizeli anaweza kushuka hadi 1,800 bila kupata hasara, na wateja wote wangehamia kwake. Kwa hiyo mgeni anatoza 1,800, au kwa usahihi zaidi senti chache chini yake, kiasi ambacho kinamfanya mwenye dizeli ashindwe kumfuata. Kwa bei hiyo yanasagwa madebe 48, mgeni anabaki na 600 kwa kila debe, na faida yake ni 28,800 kwa siku. Faida hii ni ndogo kuliko ile 32,400 ya mwenye ukiritimba mwenye mota. Hata hivyo mgeni alianzia sifuri, na kwa sababu hiyo 28,800 yote ni nyongeza kwake.

Mota ni ileile, kijiji ni kilekile na wateja ni walewale, lakini kwa mwenye soko ina thamani ya 18,000 kwa siku na kwa mgeni ina thamani ya 28,800. Tuseme basi kwamba kununua mota, kuvuta umeme na kulipa mkopo wa benki, vyote vikigawanywa kwa siku, vinagharimu 20,000. Mwenye soko akiifunga anajiongezea 18,000 kwa kutoa 20,000, yaani anapoteza 2,000 kila siku. Mgeni akiifunga anabaki na 8,800 mfukoni. Mmoja anakataa na mwingine anakubali, na wote wawili wamepiga hesabu vizuri.

Kwa nini tofauti inatokea

Kuna njia ya pili ya kuiona hesabu hii, ambayo binafsi naiona inaeleza zaidi kuliko ile ya kutoa faida ya zamani kwenye faida mpya. Mota inaokoa shilingi 600 kwa kila debe. Thamani ya uokoaji huo inategemea ni madebe mangapi yatakayopita mikononi mwa anayeokoa. Mwenye ukiritimba, kwa sababu anaweka bei juu, anasaga madebe machache: 24 kabla ya mota na 36 baada yake, yaani wastani wa madebe 30. Mara 600, unapata zile 18,000. Mgeni, kwa sababu bei yake imebanwa na mwenye dizeli, anasaga madebe 48, na mara 600 unapata 28,800.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba bei ya juu inaumiza mara mbili. Inamuumiza mteja leo, kwa kumfanya alipe zaidi au apakie mahindi kwenye daladala, na inapunguza kiasi ambacho uokoaji wowote wa gharama ungetumika juu yake kesho. Mwenye soko amejipunguzia wateja kwa makusudi, na wateja hao waliopunguzwa ndio wangefanya ubunifu uwe na maana kwake.

Arrow alilinganisha pia na kile ambacho jamii nzima ingepata kama mota ingefungwa na bei ikawekwa sawa na gharama. Katika kijiji chetu, kama kusaga kungekuwa kunatozwa gharama tupu, madebe yangekuwa 48 kwa dizeli na 72 kwa umeme, wastani wa madebe 60, na thamani ya uokoaji ingekuwa 36,000 kwa siku. Kwa hiyo hata mgeni, mwenye hamu ya 28,800, hafikii kile ambacho jamii ingepaswa kuwa tayari kulipia. Jambo hili husahaulika na wale wanaochukua hoja ya Arrow kama wimbo wa kusifu soko huria. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba soko lenye ushindani nalo huwekeza kidogo mno katika uvumbuzi, ila tu ukiritimba ni mbaya zaidi katika hilo.

Dhana mbili zinazopaswa kuondolewa

Dhana ya kwanza ni kwamba mwenye soko hataki kubadilika kwa sababu alitumia fedha nyingi kununua mitambo ya zamani. Maelezo haya yanapendwa sana, na hata wafanyabiashara wenyewe huyatoa, lakini hayahusiani na athari ya mbadala. Tazama tena hesabu yetu: bei aliyonunulia mashine ya dizeli haikuingia popote. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi, afunge mota asifunge, na mtu mwenye hesabu nzuri hapaswi kuiangalia anapoamua la kesho. Kinachomzuia ni faida ambayo mtambo wa zamani ungeendelea kuleta. Mashine ya dizeli ingekuwa ya zawadi, isiyomgharimu hata senti moja, uamuzi wake ungekuwa uleule. Ingekuwa ya gharama kubwa lakini haimletei faida yoyote, angekuwa na hamu ileile aliyonayo mgeni.

Dhana ya pili ni ile ya uvivu na akili: kwamba wageni huleta mapya kwa sababu ni vijana wenye vichwa vyepesi. Huenda wapo wa namna hiyo, lakini mgeni wetu hakuwa na akili zaidi, hakuwa na mota bora, wala hakupata umeme wa bei nafuu zaidi. Wabadilishane nafasi, yule mzee awe mgeni katika kijiji cha jirani chenye mashine yake ya dizeli, naye ndiye atakayefunga mota huko huku akiikataa kwake. Tabia ya mtu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba katika kijiji cha jirani hana cha kupoteza.

Ubunifu ukiwa mkubwa mno

Mfano wa mota ni wa ubunifu wa wastani, kwa maana kwamba mgeni bado analazimika kuiangalia bei ya mpinzani wake wa zamani. Upo ubunifu mkubwa kiasi kwamba teknolojia ya zamani haimsumbui tena aliyeupata. Tuseme pana mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, wenye maji ya kutosha, na mtambo wa kusaga unaoendeshwa na maji unashusha gharama hadi 400 kwa debe. Mwenye mtambo huo, hata akiachiwa achague bei apendayo, atachagua 1,700, ambayo iko chini ya gharama ya dizeli. Madebe yatakuwa 52, faida ya kila debe 1,300, na jumla 67,600 kwa siku.

Mgeni akiupata mtambo huo, anajiongezea 67,600 zote. Mwenye dizeli akiupata yeye, anajiongezea 67,600 ukitoa zile 14,400 za zamani, yaani 53,200. Katika hali hii athari ya mbadala inaonekana bila mchanganyiko wowote: pengo kati ya wawili hao ni sawasawa na faida ya zamani, si zaidi wala si pungufu. Na kwa kuwa pengo hilo halikui kadiri ubunifu unavyokua, ubunifu ulio mkubwa mno unaweza kulipa hata kwa mwenye ukiritimba. Athari ya mbadala basi haisemi kwamba mwenye soko hatabuni kamwe. Inasema kwamba kuna kundi la ubunifu, lile lenye gharama iliyo kati ya thamani yake kwa mwenye soko na thamani yake kwa mgeni, ambalo yeye ataliacha na mgeni angelichukua. Katika mfano wa mota, kundi hilo ni kila mota inayogharimu zaidi ya 18,000 na chini ya 28,800 kwa siku.

Mgeni akiwa mlangoni

Mpaka hapa nimemchukulia mwenye soko kama mtu anayejua kwamba hakuna mwingine atakayefunga mota. Dhana hiyo ndiyo iliyobeba hoja yote, na ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kwa makini kuliko nyingine. Tuiondoe: kijana anaonekana akipima njia ya umeme, na kijiji kizima kinajua kwamba asipofunga mzee, atafunga yeye.

Sasa mzee halinganishi tena 32,400 na 14,400, kwa sababu ile 14,400 haipo tena. Kijana akiingia na mota, bei inashuka hadi 1,800, na mwenye dizeli hapati kitu. Ulinganisho wake ni kati ya 32,400 akiwahi na sifuri asipowahi. Akitoa gharama ya 20,000, anabaki na 12,400, na mota ambayo jana ilikuwa hasara ya 2,000 leo ni ya lazima. Kijana naye, akikuta mota imekwisha kufungwa, haingii, kwa kuwa wawili wenye gharama moja watashushiana bei hadi 1,200 na hakuna atakayelipa mkopo.

Ukitazama kwa makini utaona jambo linaloelekea kupindua hoja ya awali. Kwa kuwahi, mzee yuko tayari kulipa hadi 32,400 kwa siku, wakati kijana kwa kuingia yuko tayari kulipa hadi 28,800. Sababu ni kwamba soko likibaki la mtu mmoja, faida yote pamoja huwa kubwa kuliko likiwa na wawili wanaobanana bei. Wachumi Richard Gilbert na David Newbery walionyesha mwaka 1982 kwamba kwa sababu hiyo mwenye ukiritimba anaweza kuwa na hamu kubwa zaidi ya kuupata uvumbuzi kuliko mgeni, ili tu kulinda nafasi yake. Je, Arrow alikosea? Hapana. Hoja hizi mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Arrow anauliza mtu anapata nini akibuni wakati asipobuni hakuna atakayebuni. Gilbert na Newbery wanauliza mtu anapoteza nini akiachia mwingine abuni. Mwenye soko anapojihisi salama, hesabu ya Arrow ndiyo inayomwongoza, na anapomsikia mgeni akibisha hodi, anahamia kwenye hesabu ya pili. Ndiyo maana kampuni inaweza kulala kwa miaka mingi, halafu ikaamka katika mwezi uleule ambao mshindani anapewa leseni, na watu wakashangaa kwamba uwezo huo ulikuwa wapi siku zote.

Lakini kuwahi si njia pekee ya kujilinda. Mzee anaweza kumwendea kijana na kumlipa asifunge mota, au kumnunulia haki yake ya kuunganishiwa umeme. Kijana alitarajia kubaki na 8,800 kwa siku, hivyo atakubali chochote kinachozidi hapo. Tuseme anapewa 9,500. Baada ya hapo, je, mzee ataifunga mota hiyo mwenyewe? Hapana, kwa sababu mgeni hayupo tena na hesabu ya Arrow imerudi: kuifunga ni kuongeza 18,000 kwa kutoa 20,000. Ataendelea na dizeli yake, atapata 14,400, atamlipa kijana 9,500, na atabaki na 4,900. Ni kidogo kuliko 12,400 ambayo angepata kwa kuwahi mwenyewe, kwa hiyo atakayeweza kuwahi atawahi. Lakini kama kijana amekwisha kumtangulia, amekamata nafasi pekee kwenye transfoma ya kijiji, basi chaguo la mzee ni kati ya 4,900 na sifuri, na mota itanunuliwa ili isifungwe.

Hapa ndipo ile simulizi ya teknolojia iliyofungiwa kabatini inapopata mahali pake halali, na pia mipaka yake. Inahitaji mambo matatu kwa pamoja: uvumbuzi uwe mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kununulika, faida ya zamani iwe kubwa kuliko anachodai mtu huyo, na gharama ya kuutumia iwe juu ya nyongeza ambayo mwenye soko angeipata. Kukikosekana jambo moja, simulizi haisimami. Kwa mfano, kama umeme unaweza kuvutwa na yeyote, mzee akimlipa kijana mmoja kesho atakuja mwingine, na hakuna mfuko wa kuwalipa wote.

Kwa mwanakijiji, matokeo ya njia hizi tatu hayafanani hata kidogo. Mgeni akiingia, debe linasagwa kwa 1,800. Mzee akiwahi kwa hofu, linasagwa kwa 2,100. Mgeni akinunuliwa, linabaki 2,400. Hii ni sababu mojawapo ya nchi kutaka muungano wa kampuni uchunguzwe kabla haujafanyika. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka jukumu hilo kwa Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha FCC, ingawa muungano unaofika mezani kwake ni ule unaovuka kiwango fulani cha ukubwa, si wa mashine za vijijini.

Katika masoko halisi

Nje ya mfano wa kubuni, nguvu hizi mbili, ya kujiona salama na ya kuogopa mgeni, hufanya kazi kwa pamoja na ni vigumu kuzitenganisha. Mchumi Mitsuru Igami alijaribu kufanya hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watengenezaji wa diski ngumu za kompyuta kati ya mwaka 1981 na 1998, wakati diski za inchi 5.25 zilipokuwa zikiachia nafasi diski ndogo za inchi 3.5. Kampuni kongwe zilikuwa na gharama nafuu zaidi za kuingia katika diski mpya, na zilikuwa na sababu nzito ya kuwawahi wageni. Hata hivyo zilichelewa, na kwa makadirio yake angalau asilimia 57 ya pengo la ubunifu kati yao na wageni inaelezwa na ukweli kwamba diski mpya zingekula mauzo ya diski zao za zamani. Soko hilo halikuwa la ukiritimba, na jambo hilo linafundisha: athari ya mbadala haihitaji muuzaji awe mmoja tu, inahitaji awe na faida ya zamani inayotishiwa na kitu chake kipya.

Kwa sababu hiyo, mfano ninaoupenda zaidi uko katika simu zetu wenyewe. Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kutuma fedha kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, au alikwenda posta au benki. Kampuni za simu hazikuwa na hata shilingi moja ya mapato kutokana na bahasha hizo, kwa hiyo katika soko la kutuma fedha zilikuwa wageni halisi, na kila ada waliyoipata ilikuwa nyongeza tupu. Kwa upande wa ujumbe wa maandishi, ambao kampuni hizohizo zilitoza kwa kila ujumbe, huduma ya kutumiana ujumbe kupitia intaneti iliyokuja kuenea kwetu kuliko nyingine zote haikutoka kwao. WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na watu wawili waliowahi kufanya kazi Yahoo, ambao hawakuwa na ujumbe wowote wa kulipia wa kuulinda. Siwezi kudai kwamba hesabu ya Arrow inaeleza kila kitu hapo, kwa kuwa kampuni za simu zilikuwa nyingi na zikibanana, na kujenga programu ya dunia nzima ni kazi ya aina nyingine. Lakini tofauti ya kasi katika masoko hayo mawili, kwa wenye minara walewale, inaendana na kile ambacho hesabu ingetutarajisha.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri kama kampuni kubwa italeta kitu fulani kipya asianze kwa kupima ukubwa wake wala fedha zake. Aulize kwanza kama wateja wa kitu hicho kipya watatoka kwenye daftari la mauzo la kampuni hiyohiyo au la mtu mwingine, kisha aulize kama yupo mwingine anayeweza kukileta iwapo yenyewe haitakileta. Mwenye mashine wa kijiji chetu, ambaye ameikataa mota, anaweza asisite hata siku moja kununua mtambo wa kukamua alizeti, kwa sababu hakuna debe hata moja la mahindi litakalopungua kwa ajili ya mafuta hayo.